Kuomba mshahara zaidi kwa barua pepe: dhana na ukweli

Dhana: Wakala wa ajira ndiye mwenye fedha, hivyo yeye ndiye wa kubembelezwa.

Ukweli: Wakala ni mjumbe tu. Mara nyingi ada yake hulipwa na mwajiri kama asilimia ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo nyongeza yako haimuumizi. Ila hulipwa ukikubali tu, ndiyo maana hukuharakisha. Mwandikie barua fupi ambayo anaweza kuipeleka kwa mwajiri kama ilivyo.

Dhana: Ushahidi ni kueleza maisha yalivyopanda.

Ukweli: Kodi ya nyumba yako haimwambii mwajiri kazi hiyo inalipwa kiasi gani kwingine. Tuseme mhasibu mwandamizi Dar es Salaam amepewa ofa ya mshahara wa msingi wa shilingi 1,800,000. Kwanza ahakikishe analinganisha vinavyolingana: kazi ile ile, mji ule ule, kampuni za ukubwa unaokaribiana. Wengi hukosea kwenye makato. Rafiki akikwambia anapata milioni 1.4, huenda anataja ya mkononi, na ofa yako imeandikwa kabla ya makato. Kwa viwango vya PAYE vya mwaka 2024, pamoja na NSSF ya asilimia 10, mshahara wa 2,000,000 hubaki takriban 1,432,000. Kumbe rafiki huyo anakuzidi, nawe ulidhani umemwacha mbali.

Mhasibu wetu akishapata matangazo mawili ya kazi yanayotaja mshahara, amwandikie wakala hivi:

"Habari Bi. Neema, nashukuru sana kwa ofa, na kazi hii naitaka. Matangazo mawili ya mwezi huu ya nafasi kama hii hapa Dar, niliyoyaambatanisha, yanataja mshahara wa msingi wa 2,000,000 hadi 2,300,000 kabla ya makato. Naomba wangu uwe 2,150,000. Ukifika hapo, nitasaini Ijumaa."

Ameomba kiasi kimoja. Angeandika "2,000,000 hadi 2,200,000", mwajiri angeishika ile ya chini.

Dhana: Ukiomba, ofa itafutwa.

Ukweli: Hutokea mara chache. Aliyekwisha kusaili watu na kukuchagua hapendi kuanza upya. Kinachoudhi ni kupewa ulichoomba kisha ukaomba tena. Hata hivyo, usiache kazi ya sasa kabla mkataba mpya haujasainiwa.

Dhana: Posho ni sawa na mshahara, mradi jumla ifike.

Ukweli: Hapa wakala hukujibu, "Msingi umefungwa, tutakuongezea posho ya usafiri 350,000." Jumla ya mwezi imefika kweli. Lakini kwa sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, malipo ya saa za ziada hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na vivyo hivyo malipo ya kuachishwa kazi: angalau siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Kote huko bado unahesabiwa kwa 1,800,000. Mjibu siku hiyo hiyo, uombe walau 200,000 ya posho hiyo iingizwe kwenye msingi, na usisaini kabla hujaiona imeandikwa kwenye mkataba.