Fedha haing'ai kwa jua la saa saba

Nimeletewa tena picha ya bangili iliyopigwa barazani juani, "ili iwake". Haikuwaka. Upande mmoja umeungua ukawa mweupe pe, nakshi yote imepotea; upande wa pili ni mweusi, na katikati anaonekana mpiga picha na simu yake.

Fedha iliyosuguliwa ni kioo. Huonyesha kilicho mbele yake. Juani inaonyesha nukta moja kali na giza kuizunguka. Kando ya dirisha inaonyesha mwanga mpana, laini. Basi zima balbu, weka karatasi nyeupe isiyong'aa mezani, dirisha likae ubavuni. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe iliyokunjwa. Futa lenzi, maana joto na jasho la Mombasa huiachia utando. Rudi nyuma uikuze picha mara mbili kwa zumu ya simu, usiisogeze simu puani mwa bangili.

Simu ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, karatasi ikawa kijivu. Bonyeza kidole kwenye kioo cha simu, juu ya bangili, mpaka fokasi ijifunge hapo, kisha pandisha mwanga taratibu. Nakshi ikianza kufifia, umepita, shusha kidogo.

Sasa linaloniudhi. Ukishaizungushia weupe kila upande, kingo za bangili zinamezwa na karatasi, na mtu analaumu simu. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi nyeusi, uusimamishe nje kidogo ya picha. Mstari mweusi utapita ukingoni mwa fedha na umbo litarudi. Usogeze huku na huku ukitazama kioo cha simu. Nusu inchi tu hubadilisha kila kitu.

Mji wa Kale una lake. Vichochoro ni vyembamba, mwanga wa dirishani mwingi umegonga kwanza ukuta wa jirani. Ukuta mweupe ni neema. Ukuta wa njano utakugeuzia fedha iwe kama shaba, na pazia jeupe halisaidii, rangi imeshaingia. Itazame karatasi kwenye picha: ikiwa ya njano, hama dirisha.

Maelezo ya picha yaseme kile picha isichoweza kusema. Mwanga mzuri hufichua weusi ndani ya nakshi, na wateja watauliza mbona chafu. Kwa bangili ile ningeandika: "Bangili ya fedha 925, upana wa ndani milimita 62. Weusi wa kwenye nakshi umeachwa makusudi, haufutiki kwa kitambaa cha kawaida." Hiyo "mrembo, ng'aa malkia" haimwambii mtu kama mkono wake utapita. Na iliyochovywa dhahabu iitwe iliyochovywa, mstari wa kwanza, kabla maandishi hayajakatwa na "zaidi".

Dhahabu yenyewe bado inanitatiza. Ya karati 22 na ya 18 hutofautiana rangi mkononi, lakini kila simu ya mteja huonyesha njano yake. Nimeacha kuhangaika kuilinganisha. Naandika karati, naweka na picha ya pili ikiwa mkononi mwa mtu.