Namba "42" nyuma ya saa si mwaka

"Nyuma ya saa ya ukutani ya babu pameandikwa 42 na 100. Basi ni ya mwaka 1942?"

Hapana. Kwenye mashine za Kijerumani, namba mbili kama hizo huhusu pendulamu: 42 ni urefu wake kwa sentimita, na 100 ni idadi ya mapigo kwa dakika. Jipimie mwenyewe. Shika rula, pima kuanzia kulabu ya juu hadi ncha ya chini, kisha hesabu "tiki" na "taki" zote kwa dakika moja. Ukipata karibu 42 na karibu 100, namba zimekwisha kujieleza.

Mwaka utafute kwingine. Katika picha yako ya nyuma, juu ya bamba la shaba, naona nyota yenye ncha nane na herufi J katikati. Hiyo ni alama ya Junghans, kiwanda cha saa cha Schramberg, Ujerumani, iliyoanza 1890, hivyo saa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kiwanda hicho mara nyingi kiligonga herufi na namba ndogo: A ni nusu ya kwanza ya mwaka, B ni nusu ya pili. Yako ina B10, yaani nusu ya pili ya 1910. Tarehe hiyo ni ya mashine. Kasha laweza kuwa jingine.

Aina ya mashine huonekana usoni. Matundu mawili ya ufunguo, kama yako: la kulia huendesha akrabu, la kushoto hugonga saa. Lingekuwapo la tatu, ingeimba kila robo saa.