Je, fedha zinazoingia benki ndizo mauzo?

"Taarifa ya benki ikionyesha fedha nyingi zimeingia, mauzo niliyojaza kwenye fomu ya mkopo yamethibitika."

Afisa mikopo huanza kweli na safu ya fedha zilizoingia, ila huondoa kila kiasi kisichotokana na mteja. Chukua duka la vifaa vya ujenzi lililotaja mauzo ya shilingi milioni 12 kwa mwezi, huku taarifa yake ikionyesha milioni 14 zimeingia. Humo mna milioni 4 za mkopo wa saccos, milioni 3 ambazo mwenye duka alizihamisha kutoka akaunti yake nyingine, na hundi ya milioni 1 iliyorudishwa baadaye. Zinabaki milioni 6.

Pengo hilo kati ya milioni 12 zilizotajwa na milioni 6 zilizobaki si lazima liwe udanganyifu, kwani fedha taslimu za mauzo mara nyingi hununua mzigo mpya kabla ya kufika benki. Hata hivyo, ni lazima zionekane kwingine: kwenye daftari la mauzo, risiti za mashine ya EFD, au ankara za wauzaji wa jumla.

Kabla ya kuomba, andika pembeni mwa kila kiasi kilichoingia kimetoka kwa nani, kisha jumlisha vya wateja pekee.