Saikopathi: je, tiba humzidishia mtu ukatili?

Dhana: Saikopathi, kichaa na tatizo la haiba inayopingana na jamii ni kitu kimoja.

Mtu mwenye saikopathi si kichaa: hajatengana na uhalisia wala hasikii sauti zisizokuwepo. Anajua alipo na anajua sheria inasema nini. Tatizo la haiba inayopingana na jamii hutambuliwa hasa kwa mwenendo: uongo, ugomvi, uzembe wa hatari, kuvunja sheria mara kwa mara. Mhusika lazima awe ametimiza miaka 18, na dalili za mwenendo mbaya ziwe zilionekana kabla hajafika 15. Saikopathi huongeza kitu kingine, yaani ukavu wa hisia, kutojuta, na ulaghai wenye haiba ya kuvutia. Hupimwa kwa orodha ya mwanasaikolojia Robert Hare yenye vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2. Kwa kawaida Amerika Kaskazini mtu huhesabiwa kuwa nayo akifikisha 30 kati ya 40. Ndiyo maana wafungwa wengi wana tatizo la haiba inayopingana na jamii, lakini wachache tu kati yao hufikia kiwango cha saikopathi.

Dhana: Ukimtibu mwenye saikopathi, unamnoa tu.

Hii ndiyo dhana iliyoleta madhara makubwa, kwa sababu ina utafiti halisi nyuma yake. Mwaka 1992 Marnie Rice, Grant Harris na Catherine Cormier walichapisha ufuatiliaji wa wanaume waliopitia programu ya tiba katika hospitali yenye ulinzi mkali ya Oak Ridge, huko Penetanguishene, Ontario. Kati ya wenye saikopathi waliopitia programu hiyo, asilimia 77 walirudia makosa ya ukatili. Wenzao wenye saikopathi ambao hawakuipitia walikuwa asilimia 55. Kwa wasio na saikopathi matokeo yaligeuka: 22 kwa waliotibiwa, 39 kwa wasiotibiwa. Tangu hapo watu wengi, wataalamu wakiwemo, wakahitimisha kwamba kundi hili halitibiki.

Lakini tazama kilichoitwa tiba. Wagonjwa hawakuchagua kuingia. Waliendesha wenyewe vikao vilivyoweza kufikia saa 80 kwa wiki, wataalamu wakionekana kwa nadra. Walipewa dawa za kuvuruga akili, LSD ikiwemo. Wengine walifungiwa pamoja, uchi, kwa siku kadhaa katika chumba kisicho na dirisha, wakinyonya chakula cha majimaji kwa mirija iliyopenyezwa ukutani. Stadi za kuacha uhalifu karibu hazikufundishwa kabisa. Mtu aliyezoea kuwalaghai wenzake akifunzwa kwa miezi kusoma hisia zao, huku hakuna anayesimamia mwenendo wake, kuharibika kwake si ajabu. Utafiti ule ulihukumu programu ile, si kila tiba.

Ukweli: Mwenendo unaweza kubadilika, hasa ukianza mapema.

Linganisha na kituo cha vijana cha Mendota, Wisconsin, kilichofunguliwa 1995. Kilianza kwa kupokea wavulana walioshindikana katika magereza ya watoto. Hoja yao ni kwamba adhabu kali huzaa ukaidi, ukaidi huzaa adhabu kali zaidi, mpaka kijana hana tena cha kupoteza. Kwa hiyo kila siku mwenendo wake hupewa alama, na alama za leo huamua atakachoruhusiwa kesho. Akivurunda leo, kesho kutwa anaweza kuwa amejirudisha. Nafasi haifungwi kwa miezi.

Katika ufuatiliaji wa zaidi ya miaka minne, vijana wa kundi la kulinganisha, ambao hawakutibiwa Mendota, waliua watu 16. Waliotibiwa Mendota hawakuua hata mmoja. Uchambuzi wa 2006, uliowaangalia wenye alama za juu za saikopathi pekee, ulionyesha kwamba waliopata huduma ya kawaida walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kurudia ukatili. Vijana hawakugawanywa kwa kura, hivyo tofauti za awali haziwezi kufutwa kabisa, ingawa watafiti walizizingatia katika hesabu zao.

Kwa watu wazima ushahidi ni hafifu zaidi, ila haujakosekana. Jennifer Skeem na wenzake (2002) waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili Marekani. Kati ya wenye saikopathi, waliohudhuria vikao 7 au zaidi ndani ya wiki 10 za mwanzo, asilimia 6 walifanya ukatili katika wiki 10 zilizofuata. Waliohudhuria vichache walikuwa asilimia 23. Hapa pia huenda waliohudhuria sana walikuwa tayari kubadilika tangu mwanzo. Dawa ya kutibu saikopathi yenyewe haipo. Dawa hutolewa kwa matatizo yanayoambatana nayo, kama sonona.

Dhana: Akilia na kuomba radhi, amepona.

Kinachopungua katika tafiti hizi ni ukatili. Hakuna hata mmoja uliothibitisha kwamba ukavu wa hisia umeondoka. Kwa hiyo machozi kikaoni si kipimo, wala maneno mazuri mbele ya jopo la kumwachia huru. Ulizeni walinzi, walimu na ndugu, kila mmoja peke yake, kisha linganisheni: je, kwa miezi sita anafuata kanuni hata pale asipoangaliwa? Hasira ikipanda anafanya nini? Ripoti zikipishana sana, yaani mpole kwa daktari lakini mtesaji wa wenzake bwenini, programu bado haijamgusa, na tarehe ya kumtoa inapaswa kusogezwa.