Malengo ya kazi ya mhasibu: dhana potofu na ukweli

Dhana: “Nataka kuwa mhasibu mkuu” ni lengo tosha.

Hayo ni matamanio, na tena utimilifu wake uko mikononi mwa watu wengine, kwa kuwa hata anayestahili cheo hawezi kukipata mpaka nafasi iwepo, kibali kitoke na wenye mamlaka wamchague. Lengo la kazi hujengwa juu ya yale ambayo mhusika mwenyewe anaweza kuyatimiza na kuyathibitisha kwa ushahidi.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa halmashauri nchini Tanzania mwenye shahada, ambaye amebakiza masomo manne ili amalize mitihani ya CPA inayosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Mitihani hiyo hufanyika mara mbili kwa mwaka, mwezi Mei na mwezi Novemba. Lengo lake linaweza kuandikwa hivi: “Katika mihula mitatu ijayo nitakuwa nimefaulu masomo yote manne, mawili Mei, moja Novemba, na la mwisho Mei inayofuata.” Anayelisoma lengo hili baada ya miezi kumi na minane atajua bila ubishi kama limetimia.

Mgawanyo huo haukufanywa kwa kubahatisha. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na hesabu za mwaka hutakiwa kuwasilishwa kwa ukaguzi ifikapo mwisho wa Septemba. Kwa mhasibu wa halmashauri, basi, miezi mitatu ya kujiandaa na mitihani ya Novemba ndiyo ile ile anayorudi nyumbani usiku akiwa amechoka. Kuweka masomo mawili Novemba kwa sababu tu hesabu inagawanyika vizuri ni kupanga kufeli. Hatua inayopimika ni ile iliyopangwa juu ya kalenda halisi ya kazi.

Dhana: Chochote chenye namba kinapimika.

Namba nyingi hupima jasho na kuacha matokeo. “Kuhudhuria semina tatu” hutimia hata kwa aliyesinzia ukumbini, na “kusoma saa mbili kila siku” haimwambii mtu kama anaweza kumaliza swali la hesabu jumuishi ndani ya muda wa mtihani. Kipimo chenye maana zaidi ni kwamba, ifikapo katikati ya Machi, awe amefanya mtihani mmoja uliopita kwa kila somo, kwa saa na bila vitabu, kisha mwenzake aliyekwisha kufaulu asahihishe. Akibaini kwamba majibu ni sahihi lakini swali la mwisho halikuguswa, tatizo lake ni kasi, na kuongeza saa za kusoma pekee hakutalitibu.

Kazini nako ni vivyo hivyo. Badala ya “kuboresha utunzaji wa hesabu”, aandike kwamba usuluhishi wa akaunti za benki, yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa za benki, utakamilika ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na kwamba hakuna tofauti itakayovuka siku 60 bila maelezo ya maandishi. Tarehe ya saini ya aliyekagua ndiyo ushahidi. Kipimo hiki nacho kina mpaka wake, kwani usuluhishi unaweza kusainiwa kwa wakati huku miamala ile ile ikihamishwa kutoka mwezi hadi mwezi. Ndiyo maana sharti la siku 60 linaambatana na lile la tarehe.

Dhana: Tathmini ya mwajiri inatosha kuwa mapitio ya mwaka.

Watumishi wa umma Tanzania walipimwa utendaji wao kwa fomu za OPRAS kwa miaka mingi, na sasa wanatumia mfumo wa PEPMIS. Mifumo hiyo hufuata mwaka wa fedha na huuliza mtumishi ameifanyia nini taasisi yake, swali ambalo ni la haki kabisa. Haiulizi kama njia yake ya kitaaluma bado inampeleka anakotaka.

Mapitio yake binafsi yanahitaji tarehe yake, nayo si lazima iwe Desemba. Matokeo ya mitihani ya Novemba hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, hivyo anayejipima Desemba hujipima kwa matumaini. Februari inafaa zaidi: matokeo yapo, na mitihani ya Mei haijafika. Siku hiyo aweke mezani karatasi ya malengo ya mwaka uliopita, matokeo, taarifa za usuluhishi na hoja za ukaguzi zilizoigusa kazi yake, kisha kwa kila hatua iliyokosekana aandike sababu moja.

Dhana: Kubadili lengo katikati ya mwaka ni kushindwa.

Inategemea ni lini na kwa nini. Akihamishiwa kitengo cha ukaguzi wa ndani mwezi Agosti, kipimo cha usuluhishi kinakufa kwa sababu kazi yenyewe haipo tena, na anapaswa kuandika kingine siku hizo hizo. Lakini akilisogeza somo la Novemba hadi Mei wiki moja baada ya kufanya vibaya kwenye jaribio, hilo lisiitwe badiliko. Liandikwe kama hatua iliyokosekana, pamoja na tarehe yake ya awali, ili mwezi Februari lionekane.