Fremu Moja Katika Kila Kumi: Dhana Potofu Kuhusu Rotoskopu

Karibu kila mteja anayeniletea video aliyoipiga hapa Lamu, akitaka igeuzwe katuni kwa rotoskopu, yaani kwa kuchora juu ya fremu za video yenyewe, huja na hesabu yake tayari: nichore fremu moja katika kila kumi, kompyuta ijaze zilizobaki. Hesabu hiyo huvutia kwa wepesi wake, lakini viungo vya mtu havigeuki kwa kuhesabu makumi.

Tuchukue baharia anayetweka tanga la mashua, aliyepigwa kwa sekunde 4 za fremu 25 kila moja, yaani fremu 100. Mkono wake unapanda kuishika henza na kufika juu kabisa kwenye fremu ya 17. Kisha unashuka, unaanza kuufunika uso kwenye ya 23, unauacha kwenye ya 31 na kufika kiunoni kwenye ya 38. Anayechora ya 1, ya 11, ya 21 na ya 31 ameikosa ya 17, ambayo ndiyo mvuto wenyewe. Kompyuta itaunganisha ya 11 na ya 21 kwa njia ya mkato, mkono usifike juu hata mara moja, na baharia ataonekana anaipapasa kamba badala ya kuivuta. Baada ya hapo, mkono unapopita usoni, kompyuta itauburuta na rangi ya kidevu.

Kwa hiyo naitazama video nzima kabla ya kugusa kalamu, nikiandika namba za fremu ambamo kiungo kinageuza mwelekeo, kinashika au kuachia kitu, na kinafunika au kufunua kingine. Hizo ndizo huchorwa upya. Kisha nakagua fremu ya katikati ya kila michoro miwili, kwa kuwa hapo ndipo kosa huwa kubwa. Mstari ukiwa umeachana na video kwa zaidi ya unene wake, fremu hiyo nayo huchorwa. Hata hivyo, mkono ukichorwa kwenye tabaka lake peke yake, kiwiliwili kilichotulia hakihitaji kuguswa. Kikoi kinachopigwa na kusi ni jambo jingine: mikunjo yake huzuka na kupotea ovyo, nami hukichora kila fremu ya pili bila kutafuta mkato.

Wengine hudhani kwamba kuchora fremu zote 25 za kila sekunde ndiko kunakoleta ulaini. Mkono wa mchoraji haurudii mstari uleule, kwa hiyo picha hutetemeka zaidi. Mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, mtetemo hupungua.

Wapo pia wanaoamini kwamba kasoro za upigaji zitafichwa na mchoro. Shata ya kamera ikifunguka kwa 1/50 ya sekunde huacha mkono uendao kasi ukiwa ukungu usio na ukingo wa kufuatwa, na ndiyo maana naomba 1/200. Tena, tafadhali, msimsimamishe mtu wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa.