Maabara, famasi na ngazi ya jamii: tangazo lako linaitwaje na linabandikwa wapi

Niko dawati la ajira kwenye chuo cha afya hapa Tanzania na swali ninaloulizwa kila wiki ni "mbona zinatoka ajira za manesi tu?" Zinatoka na nyingine jamani, ila unazitafuta kwa jina ambalo tangazo halilijui.

Juzi kaja binti ana diploma ya maabara, ameshika simu anaandika "lab" kwenye portal.ajira.go.tz, hapati kitu. Tukashuka pamoja kwenye tangazo moja la halmashauri, lile refu lenye kada zaidi ya kumi, kada yake ipo katikati huko imeandikwa Mteknolojia Maabara Daraja la II. Wa cheti anaitwa Mteknolojia Msaidizi, na wa famasi mwenye diploma mtafute kwenye Mteknolojia Dawa, maana Mfamasia ni mwenye digrii. Halafu kuna Fundi Sanifu Maabara, hapo wengi wanaingia kichwa kichwa kumbe mara nyingi ni maabara ya shule au ya maji, kwahiyo shuka mpaka kwenye sifa, ukiona wanataka usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya ujue hapo ndo kwako, na wa famasi wataombwa wa Baraza la Famasi.

Yule binti alikuwa na leseni, tatizo likawa majina. Cheti cha form four kina majina mawili, NIDA matatu, na moja limezidi herufi. Hiyo inataka hati ya kisheria ya majina, na usisubiri siku ya mwisho. Kingine, alikuwa ameweka matokeo ya chuo badala ya cheti chenyewe, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanasema wazi kabisa hayo hayapokelewi. Barua nayo isainiwe kwa mkono kabla ya kuipandisha, wengi wanasahau sijui kwanini.

Nafasi za mkataba ni habari nyingine. Halmashauri inaweza kutangaza kwenye tovuti yake na ubao wa nje ya ofisi, muda mfupi tu, na wakati mwingine barua inaenda kwa Mkurugenzi Mtendaji moja kwa moja. Mashirika ya utafiti kama Ifakara na NIMR yana tovuti zao, hospitali za misheni nyingi bado wanabandika getini.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndo kabisa usikae mtandaoni tu. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 kwa miaka 5, na wanatoka kwenye kitongoji au mtaa wanaoishi, jamii yenyewe inahusika kuwachagua. Kwahiyo ukiwa Dar unasubiri nafasi ya kijijini kwenu, mwenzako anayeishi pale ndo atapita. Muulize mtendaji wa kijiji au mtaa unapolala, tena ubao wake usome wewe mwenyewe.